Kupima Pato la Moyo kwa Njia Tatu kwa Mgonjwa Mmoja: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Tuchukue mgonjwa mmoja wa mfano na tumfuate mpaka mwisho. Ni mwanamke wa miaka 58 ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi ipasavyo kwa muda mrefu. Miguu yake imevimba na vali yake ya trikaspidi, iliyo kati ya vyumba viwili vya kulia vya moyo, inavuja sana. Moyo unapiga mara 92 kwa dakika, kwa mpangilio wa kawaida. Eneo la mwili wake ni mita za mraba 1.7, hemoglobini ni gramu 12 kwa desilita, na anavuta hewa ya kawaida bila kuongezewa oksijeni. Katheta yenye puto imekwishapitishwa hadi kwenye ateri ya mapafu, ambako wastani wa shinikizo ni 34 mmHg, na puto linapoziba tawi la ateri hiyo shinikizo linalosomwa ni 22 mmHg. Kinachotakiwa sasa ni pato la moyo, yaani idadi ya lita za damu ambazo moyo unasukuma kwa dakika moja.

Tutampima kwa kanuni ya Fick, kwa themodailusheni na kwa eko, yaani picha ya moyo inayopatikana kwa mwangwi wa sauti, na majibu yatatofautiana kutoka lita 2.4 hadi lita 3.7. Tofauti hiyo haipaswi kumshangaza mtu, kwa sababu hakuna hata njia moja kati ya hizo inayopima damu yenyewe. Fick hupima oksijeni, themodailusheni hupima joto, na eko hupima upana wa njia na umbali ambao damu imesafiri katika njia hiyo. Kila njia kisha hukisia damu kutokana na kile ilichokipima, na hukosea pale ambapo kipimo chake hicho kimeharibika. Kwa hiyo anayepima anapaswa kuzijua tarakimu zilizoingia kwenye hesabu kabla ya kuliamini jibu lililotoka.

Njia ya Fick

Adolf Fick alieleza kanuni yake mwaka 1870 huko Würzburg kwa maelezo mafupi sana, na hakuwahi kuipima kwa mgonjwa, kwani wakati ule hapakuwa na njia ya kuipata damu ya ateri ya mapafu kwa mtu aliye hai. Wazo lenyewe ni jepesi. Ukijua mwili unatumia oksijeni kiasi gani kwa dakika, na ukijua kila lita ya damu inaacha oksijeni kiasi gani mwilini, basi ukigawanya cha kwanza kwa cha pili utapata ni lita ngapi zimepita.

```
CO = VO2 / (1.34 × Hb × (SaO2 − SvO2) × 10)
```

Katika fomula hiyo `CO` ni pato la moyo, `Hb` ni hemoglobini kwa gramu kwa desilita, na `VO2` ni mililita za oksijeni zinazotumiwa kwa dakika. `SaO2` na `SvO2` ni saturesheni za damu ya ateri na ya vena, yaani sehemu ya hemoglobini iliyobeba oksijeni, zikiandikwa kwa desimali. Gramu moja ya hemoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni, na ile 10 mwishoni hugeuza desilita kuwa lita.

Hatua ya kwanza ni kumtuliza mgonjwa na kumwacha katika hali moja isiyobadilika. Kanuni ya Fick hudai kwamba oksijeni inayoingia mapafuni katika dakika hizo iwe sawa na ile inayotumiwa na mwili, na mgonjwa aliyetoka kukohoa, aliyebadilishiwa oksijeni au aliyepewa dawa ya usingizi dakika mbili zilizopita hatimizi sharti hilo.

Hatua ya pili ni kupima `VO2` kwa mashine inayokusanya na kuchambua hewa anayovuta na anayotoa. Kipimo hiki ndicho roho ya njia nzima, na ndicho kinachorukwa mara nyingi kuliko vingine. Wengi huchukua makisio ya mililita 125 kwa kila mita ya mraba ya mwili, wakazidisha kwa eneo la mwili na kuendelea. Mgonjwa wetu kwa makisio hayo angekuwa na mililita 212.5 kwa dakika, lakini mashine inaonyesha 178. Pengo hilo si ajabu kwa mtu aliyedhoofika na aliyelala kimya, na makisio hukosea pia upande wa pili kwa mwenye homa au anayehema kwa taabu. Ninaposoma jalada lililoandikwa “Fick” bila kueleza kama `VO2` ilipimwa au ilikisiwa, mimi huichukulia kuwa ilikisiwa hadi nithibitishiwe vinginevyo.

Hatua ya tatu ni kuchukua damu mbili kwa wakati mmoja na upimaji wa `VO2` ukiendelea: moja kutoka ateri ya kawaida, nyingine kutoka ateri ya mapafu. Damu ya vena lazima itoke kwenye ateri ya mapafu kwa sababu hapo ndipo damu ya sehemu ya juu ya mwili, ya sehemu ya chini, na ile ya misuli ya moyo yenyewe, ambayo ina oksijeni kidogo mno, huwa zimechanganyika. Ukichukua kutoka atiria ya kulia unaweza kupata mkondo mmoja tu ambao bado haujachanganyika na mingine. Hakikisha puto limetolewa hewa, tupa mililita za kwanza zilizokuwa zimelala ndani ya katheta, kisha vuta damu polepole. Ukivuta kwa nguvu, au ncha ikiwa imezama ndani ya tawi dogo, utarudisha nyuma damu iliyokwisha kupita mapafuni. Saturesheni itapanda, tofauti kati ya ateri na vena itapungua, na pato la moyo litaonekana kubwa kuliko lilivyo. Sampuli ya ateri ya mapafu inayosoma asilimia 85 kwa mgonjwa mwenye mikono baridi ni sampuli ya kurudiwa, au kama ikirudia kusoma hivyo, ni dalili ya kutafuta tundu kati ya vyumba vya moyo.

Sampuli zipelekwe kwenye mashine inayopima saturesheni moja kwa moja kwa mwanga. Mashine ambayo hupima shinikizo la oksijeni tu kisha ikakokotoa saturesheni hukosea zaidi katika damu ya vena, mahali ambapo mabadiliko madogo ya shinikizo hubadilisha saturesheni kwa kiasi kikubwa.

Kwa mgonjwa wetu ateri inasoma asilimia 96 na ateri ya mapafu asilimia 58. Tofauti ni 0.38, tukizidisha 1.34 kwa 12 kwa 0.38 kisha kwa 10, tunapata kwamba kila lita ya damu inaacha mililita 61.1 za oksijeni. Mililita 178 zikigawanywa kwa 61.1 zinatoa lita 2.9 kwa dakika. Kama tungetumia `VO2` ya makisio tungeandika lita 3.5, ilhali saturesheni zote mbili ni zilezile na mgonjwa ni yuleyule.

Oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu bila kushikwa na hemoglobini tumeiacha, kwa kuwa kwa mtu anayevuta hewa ya kawaida hubadilisha jibu kidogo tu. Kwa mgonjwa anayepewa oksijeni nyingi haifai kuiacha: shinikizo la oksijeni la 400 mmHg kwenye ateri huongeza takriban mililita 1.2 kwa kila desilita, na hicho ni kiasi kikubwa kinapolinganishwa na tofauti nzima ya mililita 6.1 tuliyoipata hapa. Mashine za kupima `VO2` nazo hupoteza usahihi kadiri oksijeni anayovuta mgonjwa inavyoongezeka.

Nguvu ya Fick iko palepale penye ugonjwa mkali. Moyo unaposukuma kidogo, mwili hunyonya oksijeni nyingi kutoka katika kila lita, tofauti kati ya ateri na vena hupanuka, na kosa la alama mbili za saturesheni halina uzito mkubwa. Kwa mtu ambaye moyo wake unasukuma damu nyingi mambo hugeuka: ikiwa ateri ni 98 na vena ni 80, tofauti ni 18 tu, na kusoma 78 badala ya 80 hubadilisha jibu kwa asilimia 10.

Themodailusheni

Njia hii hutumia baridi kama alama. Maji yenye baridi kuliko damu huingizwa kwenye atiria ya kulia kwa tundu la katheta lililoko sentimita 30 kutoka nchani, huchanganyika na damu ndani ya ventrikali ya kulia, kisha hupita kwenye thamista, yaani kipimajoto kidogo kilicho karibu na ncha, ndani ya ateri ya mapafu. Thamista huchora kushuka na kurudi kwa joto. Damu ikipita kwa wingi, baridi husombwa haraka na eneo chini ya mchoro huwa dogo. Damu ikipita kidogo, baridi hukaa na eneo huwa kubwa. Pato la moyo na eneo hilo huenda kinyume, na makosa mengi ya njia hii hueleweka kwa kukumbuka jambo hilo moja.

Kabla ya yote, ingiza kwenye mashine nambari ya ukokotoaji inayolingana na aina ya katheta, ujazo wa maji na joto lake. Nambari ya maji ya barafu ikitumiwa na maji ya joto la chumba, kila jibu litakalofuata litakuwa na kosa lilelile, na kwa kuwa yote yatakubaliana hakuna atakayeshtuka. Kisha hakikisha kwa shinikizo kwamba tundu la nyuma liko atiria ya kulia na ncha iko kwenye ateri kuu ya mapafu, na usimamishe kwa muda maji mengine yanayokwenda kasi kupitia njia za karibu, ikiwa ni salama kuyasimamisha.

Jaza bomba la sindano mililita 10 kamili za maji ya chumvi au ya glukosi. Yasukume yote kwa mkono mmoja usiosita, ndani ya sekunde 4, kila mara katika hatua ileile ya pumzi. Wengi huchagua mwisho wa kutoa pumzi. Ukiingiza mililita 9 wakati mashine inajua 10, baridi itapungua, eneo litapungua, na jibu litapanda kwa asilimia 11.

Hapa kuna jambo dogo ambalo huonekana kwa yule tu anayetazama mikono ya mpimaji. Maji ya joto la chumba yenye nyuzi 22 yanatofautiana na damu yenye nyuzi 37 kwa nyuzi 15. Mtu akilishika bomba kiganjani huku akisubiri mgonjwa atoe pumzi, maji yakapanda hadi nyuzi 24, tofauti inabaki 13. Kama kipimajoto cha mashine kiko kwenye mfuko wa maji, yenyewe bado inaamini ni 15, na itatoa jibu lililozidi kwa takriban asilimia 15. Maji ya karibu nyuzi sifuri yakipanda nyuzi mbili hizohizo, kosa huwa kama asilimia 5 hadi 6. Kwa hiyo bomba lishikwe kwenye kingo, lijazwe likikaribia kutumika, na lisizungushwe kiganjani.

Rudia angalau mara tatu, na kila mara utazame mchoro kabla ya kusoma tarakimu. Mchoro mzuri hupanda ghafla, una kilele kimoja, kisha hushuka taratibu na kwa ulaini. Mchoro wenye vilele viwili au mwanzo wenye ngazi ngazi hutokana na mkono uliosita, na hutupwa hata kama tarakimu yake inapendeza. Michoro mizuri mitatu ikitofautiana kwa si zaidi ya asilimia 10, chukua wastani wake.

Kwa mgonjwa wetu majibu matano ni 2.6, 2.1, 2.7, 2.2 na 2.4, wastani ni lita 2.4. Majibu mawili yako nje ya asilimia 10 ya wastani huo, ingawa mpimaji alisukuma vizuri. Kasoro inaonekana kwenye mchoro: kilele ni kifupi, na mkia ni mrefu, hauishi. Sababu ni vali ya trikaspidi. Sehemu ya maji baridi inarudishwa atiria, inapita tena, inarudishwa tena, na thamista inaendelea kuona baridi muda mrefu baada ya wakati wake. Eneo linakuwa kubwa na mashine inasema damu ni kidogo. Wakati huohuo, damu inapokwenda polepole baridi hupotea kwenye kuta za moyo na mishipa kabla ya kuifikia thamista, na upotevu huo hulipandisha jibu. Makosa mawili yanavutana ndani ya mgonjwa mmoja, na ndiyo maana hakuna nambari ya kusahihishia unayoweza kuiongeza au kuipunguza ukapata ukweli.

Pale ambapo vali haivuji sana, hakuna tundu kati ya vyumba vya moyo, na damu haiendi polepole mno, njia hii ni nzuri sana. Haihitaji `VO2` wala sampuli za damu, na inaweza kurudiwa baada ya dakika chache ili kuona kama dawa imefanya kazi. Pia moyo unaosukuma damu nyingi, ambao huidhoofisha Fick, hauisumbui kwa namna hiyo.

Eko

Eko haihitaji kupitisha kitu ndani ya mwili. Huipima njia ya kutokea ya ventrikali ya kushoto, chini kidogo ya vali ya aota, kana kwamba ni bomba la duara. Eneo la bomba likizidishwa kwa umbali ambao damu inasafiri katika pigo moja hutoa ujazo wa pigo hilo, na ujazo ukizidishwa kwa mapigo ya dakika hutoa pato la moyo.

Anza na kipenyo. Weka kichwa cha mashine kando ya mfupa wa kifua upate picha ndefu ya ventrikali ya kushoto, kuza sehemu ya vali ya aota mpaka ijaze kioo, kisha simamisha picha katikati ya msukumo, vali ikiwa wazi. Pima kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, karibu na mashina ya vali. Kwa mgonjwa wetu ni sentimita 1.9. Kipenyo huzidishwa kwa chenyewe, kisha kwa 0.785, na eneo linakuwa sentimita za mraba 2.83.

Hamia sasa kwenye ncha ya moyo, upate picha ya vyumba vinne pamoja na aota. Weka sampuli ya Dopla ya mapigo, ambayo hupima kasi ya damu, mahali palepale ulipopima kipenyo, mstari wake ukiwa sambamba na mkondo wa damu; ukipinda kwa nyuzi 20 unapoteza asilimia 6 ya kasi, na zaidi ya hapo hasara huongezeka upesi. Fuata ukingo wa mchoro wa kasi kwa kalamu ya mashine. Tarakimu inayoandikwa `VTI` ndiyo umbali tunaoutaka. Pima mapigo matatu hadi matano, na mengi zaidi kama moyo unapiga bila mpangilio. Hapa wastani ni sentimita 11.5, kwa hiyo kila pigo linasukuma mililita 32.6, na mapigo 92 yanatoa lita 3.0 kwa dakika.

Mpimaji wa pili alipima kipenyo akapata 2.1. Milimita mbili zinaonekana si kitu, lakini kwa kuwa kipenyo huzidishwa kwa chenyewe eneo limefika 3.46 na pato la moyo limefika lita 3.7. Ongezeko la asilimia 22 limezaliwa na unene wa mstari kwenye kioo. Isitoshe, njia hiyo kwa watu wengi si duara kamili bali ina umbo la yai, na kipenyo kimoja huwa ni kile kifupi. Anayerudia kipimo kesho asipime kipenyo upya; achukue kile kilichokwisha kuhakikiwa, kwani njia hiyo haibadiliki upana kwa siku moja. Nguvu kubwa ya eko iko hapo: `VTI` ikipanda kutoka 11.5 hadi 14, kila pigo limeongezeka kwa asilimia 22 bila kujali kama kipenyo kilikuwa 1.9 au 2.1. Kwa kufuatilia mabadiliko kitandani mwa mgonjwa eko ni ya kutegemewa kuliko ilivyo kwa kutoa tarakimu kamili.

Kuvuja kwa trikaspidi hakuigusi, kwa kuwa kinachopimwa kiko upande wa kushoto. Vali ya aota ikivuja, hata hivyo, damu inayorudi huhesabiwa kama iliyokwenda mwilini, na kama kuna kizuizi chini ya vali hiyo `VTI` ya mahali hapo haitumiki kwa hesabu hii.

Kuamua

Tuna lita 2.9 kwa Fick iliyopimwa, 3.5 kwa Fick ya makisio, 2.4 kwa themodailusheni, 3.0 kwa eko ya kwanza na 3.7 kwa eko ya pili. Kuchukua wastani wa yote kungekuwa kuchanganya vipimo na makosa yake. Themodailusheni tunaiweka kando kwa sababu mkia wa mchoro umeonyesha kasoro yake. Makisio ya `VO2` yanaondoka kwa sababu tuna kipimo. Picha za kipenyo zinarudiwa na kukaguliwa na mtu wa tatu, ambaye anaona kwamba mstari wa 2.1 ulianzia ndani ya ukuta. Zinabaki 2.9 na 3.0, zilizotoka kwenye vyanzo visivyohusiana, oksijeni upande mmoja na mwangwi wa sauti upande wa pili, na kwa sababu hiyo kukubaliana kwake kuna uzito.

Uamuzi huo unabadilisha matibabu. Ukinzani wa mishipa ya mapafu hupatikana kwa kutoa 22 kutoka 34 kisha kugawanya 12 inayobaki kwa pato la moyo. Kwa lita 2.9 ni 4.1, kwa 2.4 ni 5.0, na kwa 3.7 ni 3.2 tu, ingawa shinikizo halijabadilika hata kidogo. Pato kwa kila mita ya mraba nalo ni 1.7 kwa kipimo tulichokichagua, chini ya 2.2, kiwango ambacho mara nyingi hutumiwa kutambua moyo unaosukuma damu kidogo mno. Makisio ya `VO2` yangelipeleka hadi 2.05, karibu kabisa na mpaka.

Katika jalada la mgonjwa huyu iandikwe: lita 2.9 kwa dakika, Fick, `VO2` imepimwa kuwa 178, hemoglobini 12, saturesheni 96 na 58, hewa ya kawaida; eko 3.0, kipenyo 1.9, `VTI` 11.5, mapigo 92, themodailusheni 2.4, mkia mrefu, haikutumika. Atakayempima baada ya maji mwilini kupunguzwa na dawa ataanzia kwenye `VTI`, na atarudia Fick ikiwa tu katheta bado iko mahali pake.